Swali la Udhaifu katika Usaili wa Utarajali

Swali la udhaifu huja kwa sura nyingi. Msaili mmoja atauliza waziwazi, "Udhaifu wako ni upi?" Mwingine atalipitishia kwa mtu wa tatu: "Msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo angetuambia unahitaji kurekebisha nini?" Wapo wanaoomba kisa cha jambo lililoharibika mikononi mwa mwombaji, na wapo wanaotaka kasoro tatu kwa mpigo, mara tu baada ya kusikia sifa tatu. Sura hubadilika, lakini kinachotafutwa ni kilekile, na kwa mtarajali kina uzito wa namna yake.

Anayeomba ajira akiwa na uzoefu hupimwa zaidi kwa kazi alizokwisha kufanya. Mtarajali hana kazi hizo, na jopo linalijua hilo tangu lilipotangaza nafasi. Haliulizi udhaifu ili kugundua kwamba mwanafunzi wa mwaka wa tatu hajabobea. Linataka kujua kama anaweza kusimamiwa: akikosea atasema au ataficha, akirekebishwa atasikia au atanuna, akikwama atauliza au atakaa kimya mpaka siku ya mwisho. Ofisini atakabidhiwa kwa afisa mwenye majukumu yake mwenyewe, ambaye ataongezewa mzigo wa kumfundisha, na mara nyingi afisa huyo ni mmoja wa walioketi upande wa pili wa meza. Anaposikiliza jibu, anajenga picha ya miezi mitatu au sita ijayo akiwa na mtu huyu karibu yake.

Kwa sababu hiyo, majibu yaliyozoeleka hayamsaidii. Yanafahamika: "Napenda kila kitu kiwe kamili," "Najituma kupita kiasi," "Siwezi kumkatalia mtu anayeomba msaada." Mwaka 2018 Ovul Sezer na wenzake wawili walichapisha utafiti kuhusu tabia ya kujisifu huku mtu akijifanya anajishusha. Katika sehemu moja ya utafiti huo, wanafunzi wa chuo waliulizwa wangejibuje swali la udhaifu kwenye usaili wa kazi. Zaidi ya robo tatu walitaja sifa waliyoivika jina la kasoro. Watu waliopewa majibu hayo wayapime walikuwa tayari zaidi kuwachukua wale wachache waliotaja kasoro ya kweli. Matokeo hayo hayashangazi ukiyatazama kwa jicho la afisa aliyetajwa hapo juu. Mtu anayesema kasoro yake ni kujituma hajamwambia lolote litakalomsaidia kumsimamia, na zaidi ya hapo amemwonyesha kwamba akiulizwa jambo gumu hukwepa.

Tatizo la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa huwapata hata waombaji wakweli. Mtu anaweza kuchagua kasoro halisi, akaiandika vizuri, akaikariri, kisha akaisema kwa namna inayolifanya jopo liitilie shaka. Jibu lililokaririwa husikika. Frieda Goldman-Eisler, aliyefanya utafiti wake London na kuukusanya katika kitabu cha mwaka 1968, alipima vituo vya kimya ndani ya mazungumzo ya papo kwa papo. Aliona kwamba mtu anayefikiri huku akisema husita hasa kabla ya maneno yasiyotabirika, yale ambayo ilimlazimu kuyachagua palepale. Alipowataka watu waeleze jambo lilelile tena na tena, kusita kulipungua. Msikilizaji wa kawaida hahitaji vipimo ili kulitambua hilo. Mwombaji amekuwa akijibu maswali mengine akitafuta maneno, akirudi nyuma kidogo, akijisahihisha. Ghafla, kwenye swali la udhaifu, sentensi zinaanza kumtoka kwa urefu uleule na mwendo uleule, macho yamekwenda ukutani, na sauti inashuka mwishoni mwa kila sentensi kama ya mtu anayesoma risala. Pengo kati ya jibu hilo na yaliyotangulia ndilo linalomfichua, kuliko hata ufasaha wenyewe.

Dalili nyingine hujitokeza kwenye swali la pili. Wasaili wazoefu hawaishii kwenye jibu la kwanza. Huuliza, "Lini?" au "Nani aligundua?" au "Wiki iliyopita hali ilikuwaje?" Aliyekariri sentensi ana sentensi tu. Zikiisha, hana pa kwenda, hivyo hurudia maneno ya mwanzo kwa mpangilio mwingine au hutoa kauli za jumla kama "Najitahidi kila siku kuwa bora." Anayekumbuka tukio hana shida hiyo, maana tukio lina siku, mahali, watu na mambo madogomadogo ambayo hayakutajwa mara ya kwanza. Tofauti kati ya watu hawa wawili haiko kwenye kiasi cha maandalizi. Wote wamejiandaa. Mmoja ameandaa maneno na mwingine ameandaa kumbukumbu.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini mambo yake ni ya kawaida kabisa kwa mwanafunzi wa uhasibu. Mwombaji yuko mwaka wa tatu chuoni, Dar es Salaam, na anaomba utarajali katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu. Hajawahi kuajiriwa. Amewahi kutunza daftari la kikoba cha akina mama mtaani kwao wakati wa likizo. Rasimu yake ya kwanza ya jibu inasomeka hivi: "Udhaifu wangu ni kwamba wakati mwingine napenda kufanya kazi peke yangu, lakini ninajifunza kushirikiana na wenzangu ili kufikia malengo ya taasisi." Hakuna uongo ndani yake, ila pia hakuna mtu. Sentensi hiyo ingeweza kusemwa na yeyote kati ya waombaji arobaini walioitwa siku hiyo.

Kazi inaanza pale anapojiuliza alijuaje kwamba ana kasoro hiyo. Jibu linampeleka kwenye Jumamosi moja. Baada ya kikao cha kikoba, fedha zilizokuwamo kisandukuni zilizidi za kwenye daftari kwa shilingi 27,000. Alijumlisha upya michango ya hisa, akajumlisha marejesho ya mikopo, akahesabu noti. Tofauti haikuondoka. Hakumwambia mtu. Alikwenda na daftari nyumbani, akalishikilia usiku huo na Jumapili nzima, huku mwenyekiti akisubiri taarifa ya wiki. Jumatatu mweka hazina, mwalimu mstaafu, alikuja mwenyewe kuulizia. Alipoelezwa tofauti ilivyo, alifanya jambo moja tu: aliigawa 27,000 kwa 9, akapata 3,000 bila baki.

Watunza hesabu wa zamani wanaijua njia hiyo. Tarakimu mbili zinazofuatana zikiandikwa kwa kupishana, tofauti inayozaliwa hugawanyika kwa 9 daima. Hapa 3,000 ilimwambia mweka hazina zaidi: atafute kiasi ambacho tarakimu zake za makumi elfu na elfu zimepishana kwa tatu, kama 41,000 na 14,000 au 52,000 na 25,000. Alipitisha kidole kwenye safu ya marejesho na kusimama penye 36,000. Stakabadhi ya mwanachama huyo ilionyesha 63,000. Kosa lilikuwa la kuandika, likapatikana kwa dakika chache. Lingeachwa, mama huyo angeambiwa kwenye kikao kilichofuata kwamba bado anadaiwa shilingi 27,000 alizokwisha kulipa.

Sasa mwombaji ana kitu cha kusema, na kasoro yenyewe imebadilika jina. Haikuwa kupenda kufanya kazi peke yake. Ilikuwa kuchelewa kuuliza, kwa kuogopa kuonekana hajui. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda mara nyingi: jina la kwanza linalomjia mtu ni lile alilolisikia kwa wengine, na tukio lenyewe ndilo linalomsahihisha. Akilisema kwa mdomo, linaweza kutoka hivi:

"Nachelewa kuuliza. Niliona hili nilipokuwa natunza daftari la kikoba cha mtaani kwetu. Fedha zilizidi kwa elfu ishirini na saba, nikakaa nazo siku mbili nikitafuta mwenyewe, na mwenyekiti anasubiri taarifa. Mweka hazina alipokuja aliliona kosa kwa dakika chache, nilikuwa nimeandika thelathini na sita badala ya sitini na tatu. Kilichoniuma ni kwamba ningemwambia Jumamosi ileile. Tangu hapo nimejiwekea nusu saa. Nikikwama nusu saa, naandika nilichokwisha kujaribu, halafu naenda kuuliza. Kwa wenzangu darasani imekuwa rahisi. Kwa mtu mkubwa kwangu bado nasita, sitasema nimemaliza."

Jibu hilo huchukua chini ya dakika moja, na thamani yake imo katika sehemu nne. Kasoro imetajwa kwa maneno mawili, bila utangulizi. Gharama yake inaonekana: mwenyekiti aliyesubiri na siku mbili zilizopotea. Kinachofanyika sasa ni kitendo kinachoweza kushuhudiwa, si nia njema. Na mwisho umesema kilichobaki. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ambayo waombaji wengi huiogopa na kuikata, ingawa ndiyo inayobeba ukweli wa jibu zima. Kasoro iliyokwisha kabisa si udhaifu tena, ni hadithi ya ushindi, na jopo halikuomba hadithi hiyo. Isitoshe, maneno "kwa mtu mkubwa kwangu bado nasita" yanamkabidhi msimamizi mtarajiwa taarifa anayoweza kuitumia: atajua kwamba kijana huyu inafaa aulizwe kila jioni amekwama wapi.

Jopo likitaka kuchimba, tukio linahimili. Mkaguzi wa hesabu anaweza kuuliza, "Hukufikiria kuziandika tu hizo 27,000 kama ziada ili daftari likae sawa?" Swali hilo ni zito kuliko la kwanza, kwa kuwa linagusa uaminifu, na hakuna jibu la kukariri linaloweza kulitarajia. Aliyekuwepo Jumamosi ile anaweza kusema kwa utulivu kwamba wazo lilimjia usiku, akaliacha kwa kuwa fedha ile lazima ilikuwa ya mtu. Kukiri kwamba wazo lilimjia hakumshushi. Kunaonyesha anajua mahali ambapo watunza hesabu huteleza.

Uchaguzi wa kasoro una mipaka yake. Mpaka wa kwanza ni kiini cha kazi inayoombwa. Kuchelewa kuuliza kunavumilika kwa mtarajali wa ukaguzi, kwa sababu kunarekebishika kwa usimamizi. Kusahau kutunza stakabadhi kungemwondoa palepale, hata kama ni kweli, na aliye na kasoro ya namna hiyo ana jambo la kutafakari kuhusu nafasi yenyewe kabla ya kutafakari jibu. Kinyume chake, kasoro iliyo mbali mno na kazi, kama kutojua kuogelea, huchukuliwa kuwa ni kukwepa swali. Mpaka wa pili ni mambo ya faragha. Ugonjwa, msiba, hali ya familia na ugomvi wa nyumbani si udhaifu wa kikazi, na mwombaji halazimiki kuvianika mbele ya watu asiowajua. Mpaka wa tatu ni lawama: kisa kinachoeleza jinsi mhadhiri au kiongozi wa kikundi alivyokosea hakimhusu mwombaji, na wasaili husikia ndani yake jinsi mtu huyo atakavyowasema wao kesho.

Kuna pia jambo la adabu ambalo vitabu vya kigeni vya usaili havilifikirii. Kijana aliyelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa huona kueleza kasoro zake mbele ya jopo la watu wa umri wa wazazi wake kuwa ni kujivunjia heshima, au huvuka upande wa pili na kujishusha mno: "Bado sijui chochote, nimekuja kujifunza kwenu." Kauli hiyo ina unyenyekevu wa kweli ndani yake, lakini hailisaidii jopo kumtofautisha na wenzake. Heshima inatimizwa vyema zaidi kwenye salamu, kwenye namna ya kuketi na kwenye kusikiliza swali mpaka liishe. Jibu lenyewe linaweza kuwa wazi bila kukosa adabu.

Maandalizi yanayofaa huanza na karatasi, ila haiandikwi sentensi hata moja. Mwombaji wa mfano huu angeandika maneno haya tu: kikoba, 27,000, siku mbili, mweka hazina, nusu saa, wakubwa. Ni alama za kumkumbusha tukio, na kila mara atakapolisimulia itabidi atafute maneno upya. Kisha amsimulie mtu, siku nyingine amsimulie mtu mwingine, na kila mara aanzie mahali tofauti: leo aanze na kasoro, kesho aanze na mweka hazina akigawa kwa 9, kesho kutwa aanze na nusu saa na kurudi nyuma. Akimsimulia mdogo wake itambidi aeleze rejesho ni nini. Akimsimulia mwenzake wa darasani ataliruka hilo. Mabadiliko ya msikilizaji yanamlazimisha abadili maneno, na hilo ndilo linalozuia kisa kugeuka risala.

Simu inaweza kutumika kama kipimo. Mwombaji ajirekodi siku mbili tofauti kisha asikilize rekodi zote mbili kwa pamoja. Penye sentensi zilizofanana neno kwa neno, hapo pameanza kukauka, na dawa ni kupasimulia kwa kuanzia upande mwingine, si kupaboresha. Sentensi moja inaruhusiwa kufanana, ile ya kwanza inayotaja kasoro, kwa kuwa mtu mwenye wasiwasi anahitaji mahali imara pa kukanyaga anapoanza. Baada ya hapo, anayemsaidia mazoezi afanye kazi iliyo muhimu kuliko zote, yaani amkatize. Amuulize "Kwani hisa mlinunua kwa bei gani?" katikati ya sentensi, aone kama mwombaji atajibu na kuendelea au atalazimika kuanza upya tangu mwanzo. Anayelazimika kuanza upya amekariri. Jioni ya kuamkia usaili, mazoezi yakome.

Lugha huongeza ugumu ambao hauna budi kutajwa. Usaili mwingi wa Tanzania na Kenya hufanyika kwa Kiingereza, wakati tukio lenyewe lilitokea kwa Kiswahili. Hofu ya kukosea sarufi ndiyo huwafanya wengi wakariri, na sentensi wanazozikariri mara nyingi ni za kuazima, zenye Kiingereza cha ofisini ambacho hawakitumii popote pengine. Jopo linasikia Kiingereza kikipanda ghafla kwa swali moja na kushuka kwa linalofuata. Njia salama ni kukikumbuka kisa kwa Kiswahili, kisha kutafuta mapema maneno machache ya Kiingereza ambayo kisa hakiwezi kwenda bila hayo, kama ya rejesho, stakabadhi na mweka hazina. Yaliyobaki yasemwe kwa Kiingereza chepesi alicho nacho mwombaji kila siku. Sentensi fupi yenye kosa dogo la kisarufi inaaminika kuliko ndefu isiyo na kosa wala mwenyewe. Jopo likiruhusu Kiswahili, ruhusa hiyo itumike bila aibu.

Ndani ya chumba, kabla ya kujibu, ni vizuri kunyamaza kwa pumzi moja au mbili. Kimya hicho ni cha kawaida kwa mtu aliyeulizwa jambo la kumhusu, na kukikosa ndiko kunakoshtua. Si lazima kujaza nafasi hiyo kwa "Asante kwa swali zuri," kauli ambayo huwa ya kwanza kutambulika kuwa imeandaliwa. Pia kusitasita kwa makusudi ili kuonekana mtu wa papo kwa papo hakufai. Kusita kwa kuigiza huangukia mahali pasipo na neno gumu, na sikio hulikamata hilo. Swali likija kwa sura nyingine, mwombaji aingie kwenye tukio kwa mlango uliofunguliwa. Akiulizwa msimamizi wake angesema nini, aanze na mweka hazina. Akiulizwa alishindwa wapi, aanze na mwenyekiti aliyekosa taarifa. Kulirudisha swali kwenye sura aliyoizoea ni dalili nyingine ya kukariri.

Jopo likidai kasoro tatu, haifai kusimulia visa vitatu. Moja ielezwe kwa ukamilifu, nyingine mbili zitajwe kwa sentensi moja moja zenye jambo la kushikika: kwamba bado ni mzito kwenye majedwali ya kompyuta yenye fomula ndefu, au kwamba huzungumza haraka anapowasilisha kazi mbele ya watu. Jopo likivutiwa na mojawapo, litauliza. Na pale wasaili wanapoonekana wana haraka, waombaji wengi wakiwa bado nje kwenye benchi, kisa kinaweza kubanwa hadi sekunde ishirini bila kupoteza sehemu zake: "Nachelewa kuuliza. Iliwahi kuchelewesha hesabu za kikoba siku mbili. Sasa nikikwama nusu saa nauliza, ingawa kwa wakubwa bado nasita." Akifika hapo, mwombaji anyamaze na kusubiri swali linalofuata, hata kama msaili ameinama anaandika na kimya kinaonekana kirefu. Wengi huharibu jibu zuri kwa kuongeza wakati huo sentensi ya kujitetea ambayo hakuna aliyeiomba.